Uyoga Uliokuja kwa Picha

Mama yangu alikuwa na kiburi cha uyoga. Wanawake wengine wa Izigo, kijiji chetu, walijivunia migomba yao, wengine watoto wao waliosoma misheni. Yeye alijivunia kikapu. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi alikuwa wa kwanza kuingia rweya, ule uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja vyetu vya migomba, na wakati wa kurudi majirani walimsubiri njiani wakiwa na vikapu vyao wazi. Alitia mkono, akatoa mmoja, akautupa majanini bila kuwatazama usoni.

"Huu si chakula."

Hakuna aliyebisha. Hata baba, aliyebisha na mvua, hakubisha.

Nataka mjue pia kwamba uyoga kwetu ulikuwa mambo ya wanawake. Senene, wale panzi wa kuliwa, tuliwakamata sisi wanawake, wakaliwa na wanaume, ndivyo ilivyokuwa zamani hizo za Mwingereza, na ukionja hata bawa moja unatazamwa kama mwizi. Basi uyoga tukaushika sisi kwa mikono miwili. Mwanamume alikula akiletewa, akanyamaza.

Dada yangu, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu, ndiye aliyerithi mkono wa mama. Mimi nilifundishwa naye. Alinipeleka nyuma ya mibuni, kwenye kichuguu chetu cha kwanza, kisha viwili vilivyoko rweya, akasema: "Usijifunze uyoga. Jifunze kichuguu." Hivyo ndivyo mama alivyomfundisha yeye, na bibi alivyomfundisha mama. Kila nyumba ilikuwa na vichuguu vyake, na uyoga wa kichuguu ulichoonyeshwa unaujua kwa sababu umeula mwaka jana na mwaka juzi, na bibi yako aliula akafa kwa uzee. Dada alichuchumaa, akatia vidole kando ya shina, akachimba udongo mpaka mkono ukazama kufika kwenye kiwiko. Alitoka na mzizi mrefu mweupe, haujakatika. "Unaona? Umetoka nyumbani kwa mchwa. Usiokuwa na mkia huu, muulize mama." Halafu aliugeuza chini juu, akanionyesha visu vyembamba vilivyo chini ya kofia, vyeupe, vimeanza kuwa na wekundu kidogo kama ukucha wa mtoto. Akaunusa. Akaninusisha. Unga mbichi, ndiyo harufu yake.

Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Alipoolewa nilipata kitanda kizima na sikulala.

Shemeji alikuwa karani. Alipata kazi katika shamba la mkonge huko Korogwe, akamchukua. Sisi hatukujua Korogwe ni wapi. Baba alisema ni mbali kuliko Mwanza, na kwa mama mtu akishavuka ziwa amevuka, habari imekwisha. Barua ya kwanza ilisema kule mkonge umejaa mpaka mwisho wa macho, ndizi wanazopika ni chache na hazina ladha, na maji yana chumvi. Barua ya pili ilisema mimba imetoka. Mama alikaa jikoni akaacha moto ukafa, na mama yangu hakuwa mtu wa kuacha moto ufe.

Barua ya tatu ilikuja na picha.

Ilikuwa saa ya jua kali, tumekaa nje. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amekuja kututembelea, anatafuna buni zake za kukaribishwa, kahawa kavu apewayo mgeni, shavu limevimba. Baba alirudi na bahasha kutoka kwa mwalimu wa kanisani, aliyekuwa akipokea barua za kijiji kizima. Mimi ndiye niliyesoma, kwa sababu nilifika darasa la nne kabla baba hajasema inatosha.

Dada aliandika kwamba ana mimba tena. Haishiki chakula. Uji unarudi, ugali unarudi, hata harufu ya samaki inamtoa nje. Kitu kimoja tu anakitaka, anakiota usiku: uyoga wa nyumbani, uliopikwa na karanga, juu ya ndizi. Na sasa, akasema, mvua zimenyesha, na nyuma ya nyumba za makarani umeota uyoga mkubwa kama sahani, mweupe, na moyoni mwake anaamini ni wetu. Kichuguu hakionekani hapo, ila huenda kiko chini ya ardhi. Mke wa meneja, Mzungu anayepiga picha maua na wadudu, amempiga picha akiwa kando yake. "Unaota kila mvua zikirudi," aliandika. "Nimeuacha mpaka Mawe aniambie." Mawe ni mama, kwa Kihaya.

Picha yenyewe ilikuwa ndogo, inaenea kiganjani. Dada amechuchumaa kwenye nyasi, kitenge kimekaza magotini, mkono ameunyoosha kuelekea uyoga kama anayemshika mtoto asianguke. Amekonda shingo. Sote tulitazama shingo kwanza, hakuna aliyeitaja.

"Wetu huu!" shangazi akasema. "Tazama ile ncha nyeusi katikati ya kofia. Wetu kabisa. Hata mlevi angeujua."

"Nami nauona," baba akasema. "Andika ale."

Mama alinyoosha mkono, nikampa picha. Aliileta karibu na macho. Akaipeleka mbali. Akainusa, nami nikajua ameipata harufu ya dawa ya picha tu kwa jinsi alivyokunja pua. Akaikwaruza kwa ukucha pembeni mwa ile kofia. Halafu akafanya lile ambalo mkono wake ulifanya kila siku ya mvua tangu usichana: akaigeuza chini juu, atazame visu.

Nyuma ya picha palikuwa na maneno ya penseli. Mama hakujua kusoma.

"Pameandikwa nini?"

"Mawe, naweza kula huu?" nikasoma.

Shangazi alicheka mpaka buni zikamtoka. "Wewe mwanamke! Unatafuta tumbo la uyoga nyuma ya karatasi!"

Mama hakucheka. Aliigeuza tena, akaniuliza mimi, siyo wao: "Chini ni rangi gani?"

"Haionekani, Mawe. Picha imepigwa kwa juu."

"Hii ncha, ni nyeusi au ni kivuli?"

Nikatazama. Picha za siku zile zote zilikuwa nyeusi na nyeupe. "Sijui."

"Shina lina pete?"

"Mkono wa dada umeziba."

"Na mkia?"

"Uko ardhini."

"Basi mmeona nini ninyi?" Sasa aliwageukia wale wawili. "Mmeona kofia. Mtu akipita kwenye rweya amevaa kofia ya mume wangu, nikamkumbatie?"

"Waitu, mwenzetu, mtoto ana njaa," shangazi akasema, na safari hii hakuwa akitania. "Mtoto wetu anakufa kwa hamu, na wewe unataka mkia. Mwambie auchemshe na shilingi. Shilingi ikibaki nyeupe, ale."

"Shilingi haina tumbo."

"Atazame kama konokono ameula."

"Konokono anakula vingi ambavyo wewe ukila utazikwa."

"Basi ampe kuku kwanza!" baba akasema.

"Kuku si mjamzito. Na wewe, umewahi kuchuma hata mmoja?"

Baba alikasirika. Akasema polepole, jambo ambalo najua lilimchoma mama kuliko yote: "Izigo nzima wanakuletea vikapu. Leo mwanao anauliza kitu kimoja tu, mwanamke mzima hujui uyoga?"

Lazima niwaambie habari ya jirani yetu mmoja, maana bila hiyo mtamwona mama kuwa mkaidi tu. Kabla dada hajaolewa, aliolewa kijijini kwetu mwanamke kutoka mbali, nje kabisa ya Buhaya. Mchapakazi, mcheshi. Mvua za kwanza zilipomkuta kwetu aliokota uyoga kwenye majani kando ya nyumba, akaupika, akala na watoto. Kwao aliuchuma tangu utotoni uyoga wa sura ile ile, na mama yake aliuchuma. Hakuwa mjinga. Alikuwa amejua vizuri, ila alijua ya kwao. Waliharisha na kutapika mpaka kulipokucha, mama akaitwa, akawapa maji, wakubwa wakapona, mdogo akaishiwa maji mwilini akafa. Mama alirudi nyumbani akatuambia jambo ambalo hakulirudia tena: yule mwanamke alikuwa amebakiza mmoja kikapuni, na kwa juu ulimdanganya hata yeye. Alipoupindua ndipo akaona chini yake pana ukijani, kama maji ya bwawa, na mkia hauna, shina limeishia pale pale kwenye majani.

Kwa hiyo mama aliposhika ile picha alikuwa ameshika nyumba mbili, ya yule jirani na ya dada.

"Nikisema asile na kumbe ni mzuri," aliniambia, kama vile wengine hawapo, "atanichukia na atabaki hai. Nikisema ale na kumbe si mzuri, nitazika wawili ambao siwezi hata kufika kaburini kwao. Chukua kalamu."

Nikachukua.

"Andika: Sijui."

Nilisubiri zaidi. Shangazi alisonya. Baba aliinuka akaenda kutazama ng'ombe ambao walikuwa hawana shida yoyote.

"Andika tena: Sijui, mwanangu, na ye yote atakayekuambia anajua kwa kutazama karatasi hii, anakudanganya, hata kama ni baba yako."

Nikaandika mpaka hapo kwenye baba, nikamtazama. "Andika," akasema.

"Niandike alete picha nyingine? Ya chini, na ya shina?"

Alifikiri, na nilifurahi kuona amefikiri, maana na mimi nilitaka dada ale. Nilitaka sana. "Hapana. Ataleta ya chini, nitataka harufu. Ataleta harufu, nitataka kujua jana ulikuwaje, maana hata visu vya ule mbaya vinaanza vyeupe. Na vyote nikivipata bado ni udongo wa watu. Mimi najua vichuguu vyangu. Korogwe sina kichuguu." Akanionyesha karatasi kwa kidevu. "Mwambie awaulize wanawake wa huko wanachokula wao, wamwonyeshe wanakochuma, na ale kwao wakiwa wanakula. Huo wa kwenye picha asiuguse."

Aliingia jikoni. Juu ya moto wetu kulikuwa na dari ya miti ambako moshi ulikausha kila kitu: mbegu, nyama ikiwepo, na uyoga wa mvua zilizopita, umekatwakatwa, umekuwa mwepesi kama maganda. Ulikuwa akiba yetu ya miezi ya ukame. Aliushusha wote. Nilisema, "Mawe, na sisi?" Aliupanga ndani ya kopo la bati ambalo shemeji alilileta na biskuti siku ya mahari, akafunika kwa jani la mgomba lililobabuliwa, akafunga kwa kamba.

Tulipanda lori la kahawa kwenda Bukoba, mama amekaa juu ya magunia amelipakata lile kopo. Mbele ya Buhembe ziwa likatokea. Mama hakulipenda ziwa. Alisema linachukua tu. Posta, karani alitikisa kopo akauliza kuna nini ndani.

"Uyoga," nikasema.

"Uyoga wa kutuma Tanga? Kule hakuna?"

"Upo," mama akajibu kwa Kihaya, nikamtafsiria. "Ila hatufahamiani."

Karani akacheka, akagonga mhuri. Tulisimama gatini mpaka meli ikaondoka, ingawa hatukuwa na hakika kama kopo letu limo ndani yake au litangoja nyingine. Mama aliitazama meli hadi ikawa kitu kidogo kama punje, akasema, "Twende, tutakosa lori."

Majibu ya dada yalichelewa, na yalipofika yalikuwa mafupi. Ameupokea uyoga. Mtoto anacheza tumboni. Anamsalimu baba. Mama hakutajwa. Nilisoma ile barua mara ya pili, nikaongeza mwenyewe, "na Mawe namsalimu sana." Mama alinitazama, akasema, "Soma kilichoandikwa." Basi hata hilo alijua.

Mvua zikaja, zikaenda. Mama aliendelea kuchuma, majirani wakaendelea kufungua vikapu, ingawa shangazi alitembea kibanja hadi kibanja akisimulia ile ya kutafuta tumbo nyuma ya karatasi. Wengine walicheka. Wachache walipeleka vikapu kwa mwanamke mwingine. Mama aliacha waende. Jioni, akidhani simwoni, alitoa picha kwenye kikapu chake cha nguo, akaiegemeza kwenye chungu, akaitazama. Mwanzoni nilidhani anautazama uyoga, kwamba bado anautafutia jina. Siku moja niliona kidole chake kiko wapi. Kilikuwa shingoni mwa dada.

Dada alikuja mara moja tu. Mimi nilikuwa nimeshaolewa upande wa Muleba, nikakimbia nyumbani na mtoto mgongoni. Nilimkuta amekaa uani, amenenepa, anaongea Kiswahili cha watu wa kule kilichonyooka mpaka tukaona haya na cha kwetu, na kando yake msichana mdogo mwenye paji la uso la baba, anayekataa kushuka kwenye mapaja ya mama yangu. Yule ndiye aliyekuwa tumboni wakati wa picha. Mimi nilimpenda kabla sijamshika.

Yeye na mama walikuwa wameshanuniana na kupatana, naona, maana dada alikuwa akisimulia.

"Barua yako ilifika kabla ya kopo, Mawe. Sijui. Nilisoma nikalia kwa hasira. Nikasema, mimi natapika hadi nyongo, nimetuma picha, na mama yangu hodari wa uyoga ananiandikia sijui. Nikatoka nje, nikauchuma. Nikauosha. Nikaukata. Maji yalikuwa motoni."

"Ulitazama chini yake?" mama akauliza.

"Mweupe."

"Ulikuwa mchanga?"

"Ndiyo hilo. Ulikuwa mchanga. Ungekuwa mweupe vyovyote vile. Na mkia sikuupata, ila udongo wa kule mgumu, labda ulikatika. Nikakaa na kisu. Nikamwita jirani, mwanamke wa pale pale. Akasema, huo sisi hatuuchumi. Nikamwuliza, una sumu? Akasema, sijui, hatuuchumi tu." Dada akacheka kwa namna ya kutikisa kichwa. "Sijui ya pili. Nikamwaga. Kopo likaja baadaye, nikalifungua, moshi wa jiko lako ukatoka. Nilikula nikalia, Mawe, na halikurudi hata tonge."

Halafu alifungua leso. Ndani yake kulikuwa na kitu cheusi kilichokunjamana, kama sikio la mbuzi.

"Nimekuletea mwingine wa pale pale. Ulitaka mkononi, basi huo mkononi."

Mama alimsogeza mtoto kando. Alikishika kwa vidole, akakigeuza chini juu, akanusa. Macho yake yalikuwa yamefifia kidogo siku zile, kwa hiyo alitumia sana vidole. Visu vyote vilikuwa vimekuwa rangi moja, kahawia ya kukauka. Alitafuta mwisho wa shina. Palikuwa pamekatika.

"Mkia uko wapi?"

"Ulibaki Korogwe."

"Basi na jibu limebaki huko," mama akasema, akakifunga tena ndani ya leso taratibu, kama unavyomfunika mtoto aliyelala. "Sijui, mwanangu."

Tulicheka sote watatu, sauti za wanawake wa nyumba moja, mpaka baba akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Dada alitaka apike uyoga wetu kwa mkono wake kabla ya kuondoka. Lakini kilikuwa kiangazi. Kila asubuhi tulikwenda wote kwenye vichuguu, mama mbele, na mtoto tukimfundisha: hiki, na hiki, na hiki. Yule mtoto alikiwekea kila kichuguu kiganja chake. Udongo ulikuwa mkavu, mchwa wamejificha. "Ngoja mvua," mama alisema. "Siku chache tu." Alisema hivyo kila asubuhi kwa sauti nyepesi, naye hakuwa mtu wa sauti nyepesi. Ruhusa ya shemeji ikaisha. Tulimsindikiza Bukoba. Mtoto alipunga mkono, dada hakupunga, alishika kingo za meli kwa mikono yote miwili.

Mvua ilinyesha meli ikiwa bado majini, nadhani, maana ilitukuta njiani kurudi. Nikabaki nyumbani kwa mama, sikuwa na moyo wa kumwacha. Asubuhi moja baada ya siku chache, jua lilipotoka, niliamka nikamkuta hayuko. Nilimfuata nyuma ya mibuni.

Kichuguu chote kilikuwa cheupe. Sijaona tena uyoga mwingi hivyo, umeinua udongo, umesukumana kama watu kwenye mlango wa kanisa. Mama alikuwa amepiga magoti katikati yake, mkono umezama hadi kwenye kiwiko, anautoa mmoja mmoja na mikia yake mizima, haujakatika hata mmoja. Nilichuchumaa nikamsaidia. Tulijaza kikapu, tukajaza na kanga yangu.

Nilikwenda jikoni nikachochea moto, nikaanza kumenya ndizi. Nilikuwa na njaa, na karanga zilikuwepo.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Napika, Mawe."

Alishusha ungo kutoka ukutani, akaufuta vumbi kwa kiganja, akauweka mbele yangu na kisu juu yake.

"Kausha," akasema.